Balbu Iliyokataza, Paneli Inayogawa

Enzi za ovahedi hakuna aliyejaza slaidi kwa anasa. Karatasi ya plastiki ilikuwa na bei, kalamu yake ilikuwa na bei, na ukikosea herufi ulianza kuisaka spiriti ofisi nzima. Kwa hiyo tuliandika kwanza kwenye karatasi ya kawaida, tukakata maneno, tukakata tena, ndipo tukanakili kilichobaki. Slaidi ya warsha ilikuwa na mistari minne au mitano, na mwandiko ulikuwa mkubwa kwa sababu kalamu yenyewe ilikuwa nene.

Kompyuta zilipoingia tulidhani tumeachiwa huru, kumbe PowerPoint ya miaka ile ilikuja na mnoko wake. Kwenye toleo la 2000 kulikuwa na kikaguzi cha mtindo kilichojificha ndani ya Tools, Options, Spelling and Style. Ukikiwasha, kilihesabu: vidokezo visizidi 6 kwenye slaidi, kidokezo kisizidi mistari 2, aina za fonti zisizidi 3, maandishi ya kichwa yasipungue 36, ya mwili yasipungue 20. Ukivuka mpaka, balbu ndogo ya manjano ilichomoza juu ya slaidi yako. Uliibonyeza, ikakwambia umezidisha. Tuliichukia. Wengi waliizima siku ileile, na toleo la 2007 lilipotoka kikaguzi hicho hakikuwemo tena. Sikusikia mtu akikililia, na mimi mwenyewe sikukililia. Leo ndiyo nakikumbuka.

Nakikumbuka kwa sababu mshauri aliyekuja baadaye ana tabia tofauti kabisa. Designer iliingia PowerPoint mwaka 2015, kwa wenye usajili wa kulipia na mtandao unaofanya kazi. Unaweka picha au unaandika orodha, na upande wa kulia inafunguka paneli yenye mapendekezo ya mpangilio, yote yameng'aa. Yule wa zamani alihesabu na kukataza, huyu anagawa. Anagawa alama, duara, ukanda wa rangi, picha ya mandhari. Sijawahi kumwona akishauri kwamba mstari wa tatu uondoke.

Nitoe mfano mmoja. Binti mmoja tunayefanya naye kazi aliandaa slaidi ya ratiba ya chanjo kwa mafunzo ya wauguzi. Kama slaidi nyingi za warsha zetu, iliandikwa kwa Kiingereza. Ilikuwa na mistari sita: kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9, mwezi wa 18, na mbele ya kila umri majina ya chanjo. Ilikuwa kavu, lakini ilisomeka. Paneli ikampa mstari wa wakati wenye vituo sita, kila kituo na duara lake na alama yake: kitoto hapa, kalenda pale, sindano kule. Akaichagua, akaniita.

"Shikamoo mzee, njoo uone. Si imependeza?"

Imependeza, nikamjibu, sasa bonyeza ndani ya maandishi unisomee ukubwa wake. Yalikuwa yameshuka kutoka 24 hadi 12.

Sababu yake inafaa kujulikana, maana hujirudia kila mara. Slaidi pana ya kawaida ina upana wa sentimita 33.87. Ukiugawa kwa vituo sita, kila kimoja kinabaki na chini ya sentimita 6, na humo ndani wiki ya 6 inataka kuingiza polio, Penta, PCV na Rota. Maandishi yanapungua mpaka yaenee. Kisha michoro ya aina hii, inayoitwa SmartArt, hulinganisha ukubwa wa maandishi kwenye visanduku vya aina moja. Kisanduku kilichoshiba kuliko vyote ndicho kinachowapangia wengine, hata mwezi wa 18 wenye chanjo moja tu ya surua na rubela. Ukiona neno moja jembamba limekaa peke yake katikati ya kisanduku kitupu, tafuta jirani yake aliyejaa.

Hilo la ukubwa ungeweza kulivumilia kwenye chumba kidogo. Lililonikera zaidi ni mstari wenyewe. Kutoka wiki ya 6 hadi ya 10 ni mwezi mmoja, kutoka mwezi wa 9 hadi wa 18 ni miezi tisa, lakini mchoro uliziweka hatua hizo mbili kwa umbali uleule. Orodha haikudai kuonyesha umbali, mstari wa wakati unadai. Na pengo hilo refu ndilo muuguzi anatakiwa kulikumbuka, kwa kuwa mama ana muda mrefu wa kusahau kurudi.

Nilimwambia afanye ninachofanya mimi: chukua kila kilichoongezwa, kifute, uulize kama mtu wa kiti cha nyuma kuna atakalolikosa. Alama zikaondoka, hakuna kilichopotea. Duara nazo vivyo hivyo. Mstari ulipoondoka, tuliondoa na uongo. Kilichobaki ni orodha yake ya mwanzo, imekondeshwa tu.

Kurudi nyuma ni rahisi ukiwahi: Ctrl+Z. Yeye alishapita hapo, amerekebisha maneno na kuhifadhi. Basi tukachagua mchoro, tukaenda SmartArt Design, Convert, kisha Convert to Text, orodha ikarudi. Home na Reset zikairudishia nafasi na ukubwa wa mpangilio wake. Reset ina mpaka wake, haifuti mapambo yaliyoletwa kando. Kwenye slaidi ya kwanza ya wasilisho hilohilo tulifungua orodha ya vitu kwa Alt+F10, na chini ya kichwa na kichwa kidogo tukakuta mistatili ambayo hakuna aliyekumbuka kuichora. Hiyo unaifuta kwa mkono, mmoja mmoja.

Ratiba tuliiweka kwenye jedwali la safu mbili, umri na chanjo, maandishi 20. Kabla ya mwezi wa 18 tukaacha mstari mtupu ili pengo lionekane kwa macho. Nakala za wauguzi zilitolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, na jedwali likasomeka. Ukanda wa buluu iliyokolea, ambao paneli inaupenda sana, kwenye fotokopi ya steshenari hutoka kama lami.

Sisemi izimwe moja kwa moja, ingawa njia ipo: File, Options, General, uondoe alama kwenye Automatically show me design ideas, na bado unaweza kuiita ukiihitaji. Kwa slaidi yenye picha moja na kichwa kifupi huwa naichukua bila ubishi. Inaitanua picha na kupanga kichwa vizuri kuliko nitakavyohangaika mimi. Naangalia tu imekata nini pembeni, kwa sababu kwenye picha ya kikundi waliosimama mwisho ndio huliwa, na mara nyingi mmoja wao ni mgeni rasmi.

Shida iliyobaki siyo ya programu. Zamani slaidi tupu ilionekana kazi iliyokwisha. Siku hizi inaonekana kazi ambayo haijaanzwa. Mratibu wa chanjo aliliona jedwali, akauliza, "Mbona kavu hivi? Wekeni hata mtoto." Binti akanitazama. Mtoto tulimweka kwenye slaidi ya kwanza, akajaza ukuta mzima, mratibu akaridhika, jedwali likabaki lilivyo.