Ndizi na nyama sufuria moja: bakuli la mavyaa, bakuli la bwana, na bakuli lako



Leo tuingie jikoni na mizani. Mabibi harusi wanaojiandaa huniuliza sana kuhusu kuhesabu chakula, na swali hukwama pale pale: wali uko peke yake, yai liko peke yake, utajua. Je, ndizi na nyama? Wanga, mafuta na protini vyote vimechemka pamoja, mchuzi umekuwa mmoja. Utavitenganishaje?

Vinatenganishika, tena bila kuumiza kichwa. Mimi nimejifunza kwa sababu nyumbani kwetu kuna mtu ambaye bakuli lake likikosewa, anaumwa.

Wengi mnajua nimeolewa Mpanda, na tunakaa Kashaulili. Nazi huku si kitu cha kuangua uani, inafika kwa safari ndefu, kwa hiyo ndizi zetu za kila siku tunazipika kwa mafuta ya alizeti, au mawese yakipatikana mazuri. Nyama ndiyo neema ya huku, maana wafugaji ni wengi. Ndizi nyama inapikwa kwetu mara mbili kwa wiki, na tunakula watu sita: mavyaa wangu, bwana wangu, mimi, wifi zangu wawili na shemeji mmoja.

Mavyaa ana sukari. Kabla sijaingia nyumba hii aliambiwa apunguze wanga, na watu wa nyumbani wakaelewa kwamba ndizi asiguse kabisa. Akawa anapakuliwa mchuzi na nyama tupu, huku dawa anameza kama kawaida. Siku moja baada ya kula alianza kutoka jasho jembamba, mikono inatetemeka, maneno hayaeleweki. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Baadhi ya dawa za sukari huendelea kuishusha hata kama tumboni hamna wanga wa kuifanyia kazi. Alhamdulillah, alinyweshwa maji ya sukari mapema. Kliniki ndipo walipompa kiwango chake yeye: gramu 45 za wanga, isizidi hapo kwa mlo mmoja, na asiruke mlo. Nilipokuja, ile gramu 45 ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi, lakini hakuna aliyejua ni vipande vingapi vya ndizi.

Pima kabla ya moto

Siri ya chakula cha mchanganyiko ni kwamba huhesabu bakuli, unahesabu sufuria. Kilichoingia ndani ndicho kilichomo. Maji na chumvi havina hesabu. Ukishajua jumla, unagawa.

Sufuria yetu ina ndizi mzuzu mbichi gramu 1,200, zilizopimwa baada ya kumenywa. Hapo ndipo pa kuwa makini, kwa sababu maganda peke yake hufika theluthi ya uzito au zaidi. Ukipima na maganda, umejiandikia wanga usiokuwepo. Nyama ni steki gramu 750, yenye mafuta kidogo, mbichi, bila mfupa. Mafuta ya alizeti vijiko 3 vya mezani, ambavyo ni kama gramu 40. Kisha vitunguu maji viwili, nyanya tatu kubwa, thomu, tangawizi na ndimu.

Ndizi mbichi kila gramu 100 ina wanga wa gramu 30 hivi, protini gramu moja na kidogo, na mafuta karibu na sifuri. Nyama ya namna hii kila gramu 100 ina protini gramu 20 na mafuta kama gramu 10, wanga haina. Mafuta ya kupikia ni mafuta matupu. Vitunguu na nyanya kwa pamoja huleta wanga wa gramu 30 na protini gramu 5.

Jumlisha sufuria nzima: wanga 390, protini 170, mafuta 120. Gawa kwa sita: kila bakuli wanga 65, protini 28, mafuta 20. Gramu ya wanga au ya protini ina kalori 4, na ya mafuta ina 9, kwa hiyo bakuli lina kalori 550 hivi. Hizo ndizo makro zako, shoga, na umezipata kwa mizani na kalamu.

Namba hizi ni za kukadiria, kwa sababu nyama haifanani na ndizi hazifanani. Anayetaka namba za vyakula vyetu wenyewe, lipo jedwali la virutubishi vya vyakula vya Tanzania lililotolewa 2008 na Chuo cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania pamoja na chuo cha Harvard.

Lakini upawa haugawi sawa

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Kwenye karatasi kila bakuli lina wanga 65. Upawa haujui karatasi. Wa kwanza kupakuliwa huchotewa juu, ambako mafuta yameelea. Wa mwisho hupata ndizi zilizomeguka chini. Na tunajua nyumba zetu: vinono vya nyama huenda kwa wanaume, mwanamke anajifuta na mchuzi na ndizi. Ukijiambia umekula protini 28 na bakulini mlikuwa na vinofu viwili, umekula kumi na kitu tu.

Kwa hiyo mimi nagawa wakati wa kukata. Ndizi gramu 1,200 nazikata vipande 30 vinavyolingana, kila kimoja gramu 40 hivi. Kipande kimoja basi kina wanga wa gramu 12. Nyama gramu 750 nayo vipande 30, kila kimoja gramu 25 ikiwa mbichi. Ikiiva itanywea kwa karibu theluthi, usishtuke: kinachotoka ni maji na mafuta kidogo, protini karibu yote inabaki. Kipande kimoja ni protini gramu 5. Mchuzi wa bakuli moja una wanga wa gramu 5 kutoka kwenye vitunguu na nyanya.

Sasa kupakua ni kuhesabu vipande tu. Mavyaa: ndizi 3, nyama 6. Wanga ni 36 na 5 za mchuzi, jumla 41, ndani ya kiwango chake. Protini inapita 30, na pembeni namwekea mchicha ili sahani isionekane ya mgonjwa. Bwana wangu anashinda kazi za mikono: ndizi 7, nyama 5, wanga wake unakaribia 90. Mimi, wifi yangu mkubwa na shemeji: ndizi 5, nyama 5. Wifi mdogo, ana miaka 12: ndizi 5, nyama 4. Hesabu mwenyewe, zote 30 zimekwisha na hakuna aliyepunjwa. Mavyaa anakula ndizi kama wenzake, na tunakula pamoja.

Ukiwa unajiandaa na harusi, bakuli la 5 kwa 5 ni mlo kamili wa mchana. Ukitaka kupunguza, toa vipande viwili vya ndizi, umeondoa wanga 24. Nyama usiiguse. Bibi harusi anayebaki na mchuzi peke yake miezi miwili anafika siku ya harusi kanyong'onyea, gauni linamning'inia.

Mpishi ndiye anayelinda hesabu

Hesabu ya vipande inategemea vipande kubaki vipande. Nyama naichemsha kwanza na tangawizi, thomu, ndimu na chumvi kwa saa nzima, mpaka ilainike lakini isichambuke. Nakaanga vitunguu, nyanya, kisha nyama na supu yake. Ndizi zinakaa kwenye maji ya ndimu zisiwe nyeusi, na zinaingia mwisho, dakika 20 hadi 25. Zikishaingia siweki mwiko tena. Nashika masikio ya sufuria natikisa.

Utajua umepitiliza pale mchuzi unapokuwa mzito wenyewe kama uji na kingo za ndizi zimelika. Wanga umehamia kwenye mchuzi, na yule uliyempa vipande vitatu anakunywa vingine bila kujua. Ikitokea hivyo, acha vipande, rudi kwenye uzito. Jua sufuria yako tupu ina uzito gani. Yangu ni gramu 900. Ikijaa chakula hiki ni 3,900. Chakula basi ni gramu 3,000. Koroga vyote vichanganyike, na kila gramu 500 ni fungu moja la sita. Siku hiyo mavyaa napimia gramu 300: wanga 39.

Mafuta ndiyo yasiyotulia. Ya nyama huyeyuka na kuelea pamoja na yale ya kukaangia. Ipua sufuria, iache dakika 10 bila kuigusa, utaona duara la mafuta juu. Ukiengua vijiko 3 umetoa kama gramu 40, na kila bakuli linashuka kutoka mafuta 20 hadi 13. Usipoengua, basi koroga kidogo kwa juu kabla ya kupakua, asije mmoja akayabeba yote.

Na kwenu wa Unguja na Pemba mnaopikia tui: kikombe cha tui zito kina mafuta yapatayo gramu 50. Likichukua nafasi ya mafuta ya kukaangia, tofauti kwa bakuli ni ndogo. Lakini sisi tunakaanga kisha tunatia tui. Hapo bakuli linapanda hadi mafuta 28, na sura ya chakula ni ile ile. Chagua kimoja.

Jambo la mwisho ni ndizi zilizoiva. Ndizi ikianza kuwa njano, wanga wake unageuka sukari. Gramu zinabaki karibu zile zile, lakini huingia mwilini haraka zaidi. Kwa mwenye sukari nunua kijani kibichi, ngumu, inayotoa utomvu ukiimenya. Na kiwango chake kiwe cha kliniki yake. Hii 45 ni ya mavyaa wangu, usimpe mama yako.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha tumbo lisijazwe chakula peke yake, theluthi iwe ya maji na theluthi ya pumzi. Kwa hiyo kupima si uzungu, wapenzi. Nunueni mizani, andikeni uzito wa sufuria tupu kwa kalamu isiyofutika ukutani mwa jiko, kateni ndizi zilingane, na mseme Bismillah.

Wabillahi tawfiq.