Vihisi Viwili, Jina Moja

Mashine ya kutotolesha mayai ya Mama iko stoo, na banda la vifaranga liko ng'ambo ya ua, mita sita hivi. Nilitaka aone joto la kote kuwili bila kutoka na tochi usiku. Nikachukua ESP32 na vihisi viwili vya BME280, nikaviunga kwenye njia moja ya I2C: waya wa SDA unabeba data, wa SCL unapiga mapigo.

Kesho yake Mama akasema, "Mwanangu, kidude chako kinasema uongo." Skrini ilisoma nyuzi 29. Kipimajoto chake cha kioo, mle ndani ya mashine, kilisoma 37.5.

Nikaendesha programu ya kutafuta anwani. Ikaleta moja tu, 0x76. Hapo nikaelewa. Kwenye njia hii kifaa hakipandishi waya. Kinauvuta chini au kinauachia tu. Wenye anwani moja wakijibu pamoja, sifuri ya huyu inaimeza moja ya yule, na namba inayofika si ya yeyote. Wala hakuna kosa linalotangazwa, maana aliyeitwa ameitika. Mayai yangeharibika huku skrini ikiwa shwari.

Tiba yake ni pini ya SDO. Ikiungwa ardhini, anwani ni 0x76; ikiungwa 3.3V, inakuwa 0x77. Cha bandani nikakipa 3.3V.

```
mashine.begin(0x76);
banda.begin(0x77);
```

Mezani vyote vikasema kweli. Nilipovuta waya hadi bandani, skrini ikaandika nan, tena kwa vyote viwili, kwa sababu njia ni moja.

Waya mrefu ni kama ndoo: lazima ujae chaji ndipo usomeke kuwa juu, na resista ndiyo bomba la kuujaza. Kebo ya mtandao hubeba takriban pF 50 kwa mita, kwa hiyo yangu ilikuwa na 300 hivi. Mwisho unaoruhusiwa ni 400. Vihisi vyangu vilikuwa na resista za kilo-om 10 kila kimoja, kwa pamoja 5. Waya ulichukua kama maikrosekunde 1.3 kupanda, na kwa kasi ya 100 kHz kikomo ni 1.

Kwanza nikapunguza kasi, nipate uhakika:

```
Wire.setClock(10000);
```

Makosa yakapungua sana. Basi nikaongeza resista ya kilo-om 4.7 kutoka kila waya hadi 3.3V, muda wa kupanda ukashuka karibu nusu. Makosa machache yaliyobaki yalikuwa uzembe wangu: nilitumia SDA na SCL kama jozi moja iliyosokotwa, kwa hiyo kila pigo la huyu lilimtikisa mwenzake. Nikaisokota SDA na ardhi, SCL na 3.3V, yakakoma.

Banda likihamia mbali zaidi sitavuta I2C tena. Nitaweka ESP32 ya pili kulekule.

Mama sasa anatazama skrini. Ila tochi bado analala nayo.