Makofi Matatu kwa Mawili

Hotuba ya kufungua tamasha la muziki la shule ina njia yake iliyokwisha kukanyagwa. Unamshukuru mgeni rasmi, unasifu vipaji, unasema muziki ni ajira, unamtaja msanii mmoja aliyejenga nyumba, kisha unakaa. Nilipoombwa kufungua tamasha la shule chache za msingi za upande wa Mbagala, Temeke, njia hiyo haikunifaa, kwa sababu wazazi waliokaa chini ya turubai walikuwa na jambo la kuamua. Kipindi cha muziki cha Ijumaa kilikuwa hatarini kufutwa ili darasa la saba wapate muda zaidi wa kujiandaa na mtihani. Mama mmoja alikuwa ameshasema kwenye kikao: kuimba mwanangu anajua tangu nyumbani, shuleni akasome.

Nilianza kwa kumkubalia. Niliwaamkia wazazi wangu, shikamooni, nikasema kwamba mama amesema kweli. Temeke haina uhaba wa walimu wa muziki. Kwenye kwaya za makanisani kuna mafundi bomba na mama lishe wanaosoma do re mi ubaoni na kuimba kwa sauti nne. Madrasa zina kaswida, na watoto wa miaka saba wanashika mapigo ya dufu bila kuyumba. Mdundiko wa Wazaramo ukipita mtaani, mtoto anaufuata mpaka asikojua njia ya kurudi. Kuna matarumbeta ya harusini. Kuna mchiriku, uliokuzwa na vijana wa mitaani kwa ngoma na vinanda vidogo vya betri, na ndani yake ikachipuka singeli.

Lakini kila darasa kati ya hayo lina mlango wake, na mlango una bawabu. Mtoto wa Kiislamu hapelekwi mazoezi ya kwaya. Wa Kikristo hatapewa dufu. Ngoma za mwali zina waliokwisha kuchezwa na wasiochezwa. Singeli inakesha, na mzazi mwenye binti wa miaka kumi na mbili anajua kwa nini hamruhusu. Kwa hiyo watoto wa mtaa mmoja wanajua muziki mwingi, na karibu wote hawajawahi kuupiga pamoja. Shuleni ndipo mahali pekee ambapo mtoto haulizwi ni wa nani kabla ya kukaa kwenye duara.

Sikusema kwamba muziki utapandisha alama za hesabu. Wapo wanaosema hivyo, nami sikutaka kumshawishi mzazi kwa ahadi ambayo Novemba, matokeo yakitoka, angekuja kunidai. Nilitaka waone wenyewe kinachofundishwa, basi nikawaomba wapige makofi.

Nikawagawa pande mbili na kuhesabu moja mpaka sita, polepole, kisha kuanza tena moja bila kupumzika. Upande wa kushoto ulipiga kofi kwenye moja na nne: makofi mawili, yaliyoachana sawasawa. Wa kulia ulipiga kwenye moja, tatu na tano: makofi matatu, nayo yameachana sawasawa. Hesabu ni ile ile na mwendo ni ule ule, lakini pande hizo mbili zinakutana kwenye moja tu. Kwingine kote kila mmoja anatembea peke yake. Tatu kwa mbili namna hii imo katika ngoma nyingi za pwani na bara, na mtu aliyezizoea anaicheza bila kujua kwamba anahesabu.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Kufikia wa nne, upande wa kushoto ulikuwa umehamia kwa majirani, na turubai zima likawa linapiga tatu. Hivyo ndivyo inavyoharibika karibu kila mara: walio na makofi machache wanavutwa na walio na mengi. Dalili yake iko kwenye nne. Ikiwa kila upande umeshika lake, utasikia kofi moja likianguka katikati ya tatu na tano, mahali ambapo wa kulia wamenyamaza. Likipotea hilo, upande mmoja umemezwa, hata kama kelele imezidi na watu wanatabasamu.

Dawa yake ni kuanza na mdomo kabla ya mikono. Ukiyachanganya makofi ya pande zote mbili unapata sentensi moja: paa, ta-ta, paa. Wote wanaitamka mpaka iwakae. Kisha wa kulia wanapiga kwenye paa ya kwanza, ta ya kwanza na paa ya mwisho, na wa kushoto kwenye paa ya kwanza na ta ya pili. Sasa kila mtu anajua kofi lake linakaa wapi ndani ya neno la wote, kwa hiyo hana sababu ya kuziba masikio ili asipotezwe na jirani. Safari hii tulifika mizunguko kumi, na nilipoacha kuhesabu waliendelea wenyewe.

Nikawaambia: hicho ndicho kipindi cha Ijumaa. Kushika lako huku unamsikia mwenzako anayefanya jingine, wala usimfuate, wala usimzidi sauti. Hakifundishiki kwa mtoto mmoja nyumbani, hata awe na kipaji gani, kwa kuwa kinataka mwingine asiyefanana naye. Hakitaki vyombo. Kinataka dakika 40 na mwalimu anayesikia nne inapopotea.

Kisha nikawarudisha nyuma kidogo. Mji huu umewahi kuwa na muziki wa watu wasiofahamiana. Ngoma ya beni ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, watu wakiiga bendi za kijeshi. Ikashuka Tanga na Dar es Salaam, ikaingia bara, ikiwa na vyama viwili vilivyoshindana kwa mavazi na vyeo, Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger alikiandikia kisa hicho kitabu kizima mwaka 1975. Alichokiona ni kwamba nyuma ya gwaride na tarumbeta palikuwa na ushirika: wanachama, wengi wao wageni mjini na wa makabila mbalimbali, walisaidiana kwenye shida na kuzikana. Mtu aliyefika bila ndugu aliwapata mazoezini. Mbagala nayo ni mji wa waliohamia, wengine kutoka Lindi na Mtwara, wengine mikoa ya mbali zaidi, na msiba ukitokea tunajua kuchangishana. Watoto wetu watarithi mitaa hii pamoja na majirani ambao hawakuwachagua.

Yule mama alinyoosha mkono nilipomaliza. Aliuliza: na asiyejua kuimba? Nikamjibu kwamba asiyejua kuimba anapewa moja na nne, na bila yeye wale wa tatu hawana wa kupigana naye.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata na kukata katikati. Kipindi kilibaki kwa darasa la tatu hadi la sita, na darasa la saba wakaondolewa mpaka mtihani upite. Mwalimu wao aliniambia kinachomsumbua ni kwamba darasa la saba ndio waliokuwa wamekwisha kuweza kushika mbili bila kuhesabiwa, na wadogo walijifunza kwa kukaa karibu nao. Sasa anaanza upya na darasa la sita, kwa mdomo kwanza.