Hotuba ya mweka hazina

Kabla ya kikoba tulikuwa tukicheza upatu, na upatu hauna mweka hazina wala hotuba. Kijumbe anapita kwa kila mtu jioni, anakusanya, anampelekea mwenye zamu yake, na usiku huohuo pesa imeshakuwa mabati au ada ya shule. Hakuna cha kueleza kwa sababu hakuna kinacholala. Mama yangu alicheza upatu pale Morogoro miaka mingi bila kuandika chochote, na ugomvi ulipotokea ulikuwa juu ya mtu aliyekula zamu yake akahama, si juu ya hesabu.

Kikoba kilipokuja kilileta jambo jipya: pesa ya watu ishirini na tano iliyolala pamoja mwaka mzima. Utaratibu wenyewe wa kuweka, kukopeshana na kugawana ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, ukasambaa Afrika hadi kutufikia. Sisi tuliupokea na vifaa vyake: kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu, washika funguo watatu wanaokaa nyumba mbalimbali, vijitabu vya hisa vinavyopigwa muhuri, na faini za kuchelewa. Hisa moja ilikuwa 2,000, na kila wiki mtu aliruhusiwa kununua kuanzia moja hadi tano. Pembeni, kila mtu alitoa 500 ya mfuko wa jamii, ule wa misiba na wagonjwa, ambayo haikuwa hisa na haikurudi kwa mwenyewe.

Mweka hazina wetu wa kwanza alikuwa mtu mwenye sauti nzuri, tena msomi kuliko sisi wengi. Siku ya kufunga mwaka alisimama na karatasi mbili, akaanza kwa kumshukuru Mungu, mwenyekiti, wageni waalikwa na wanakikundi kwa umoja wao, kisha akasoma. Nakumbuka jinsi tarakimu zilivyopita juu ya vichwa vyetu. Milioni hizi zimekopeshwa, laki hizi zimesaidia wenzetu, na mwishoni kabisa “matumizi mengineyo”, yenye kiasi ambacho hakuna aliyeuliza. Tulipiga makofi, tukagawana, tukala pilau. Simtuhumu kwa wizi, na sijawahi kusikia mtu akimtuhumu. Lakini ukiniuliza leo mwaka ule mfuko wa jamii ulitumika vipi, sina jibu, na nilikuwepo.

Kasoro ya hotuba ile ilikuwa kubwa kuliko neno “mengineyo”. Aliweka mikopo na misaada katika sentensi moja, kana kwamba vyote vimetoka na kwenda zao. Mkopo haujatumika. Mkopo ni mali yetu iliyo mkononi mwa mtu, na utarudi na riba yake. Rambirambi ndiyo iliyotumika, hairudi. Nusu ya manung'uniko ya mwaka ule, kwamba viongozi “wametumia milioni nne”, yalizaliwa hapo tu, kwa watu waliosikia “zimetoka” wakadhani zimeliwa.

Aliyebadilisha mambo alikuwa mwanamke muuza dagaa sokoni, aliyechaguliwa baada ya msomi wetu kuhamishwa kikazi. Kuandika kulimchosha, kwa hiyo akaegemea alichokijua, yaani pesa yenyewe. Alishona vifuko viwili, chekundu cha mfuko wa jamii na cha bluu cha hisa na mikopo, akakataza noti kuvuka kutoka kimoja kwenda kingine bila kikao kuona. Mwisho wa kila kikao, wahesabu fedha wawili walihesabu kila kifuko kwa sauti, na sote tukakariri kilichobaki. Wiki iliyofuata, kabla kisanduku hakijafunguliwa, alichagua mtu yeyote na kumuuliza: “Dada, chekundu tulikiacha na ngapi?” Asiyejua alitozwa faini. Tulimcheka mwanzoni, tukasema anatugeuza watoto wa chekechea.

Hotuba yake ya mwaka ilikuwa fupi. Alibandika karatasi ya manila ukutani, akaichora mistari mitatu mikubwa: tulichoanza nacho, kilichoingia, kilichotoka. Chini akaacha nafasi wazi. Alitaka kwanza tuhesabu pesa mezani, ndipo aandike kilichobaki, si yeye kutuambia kilichobaki kisha sisi tuamini. Namna hiyo ndiyo iliyodumu hadi leo, ingawa karatasi sasa anaandika kijana wake, ambaye ndiye mweka hazina, na kumbukumbu nyingine zipo kwenye simu. Katikati hapo ilikuja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kanuni zake za 2019, ikaviweka vikundi kama chetu katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Ilitulazimisha kupanga makabrasha yetu. Ila afisa maendeleo ya jamii hawezi kukaa nasi kila wiki, na kabrasha safi halihesabu noti.

Mwaka huu nilikuwa mmoja wa wahesabu fedha, kwa hiyo niliiona hotuba kutoka mezani. Kijana alianza na kifuko chekundu. Tulivuka mwaka na 62,000. Michango ya wiki ingepaswa kuwa 600,000, imeingia 588,000, na akawataja wawili wenye deni la 12,000 huku wamekaa palepale, maana kwetu deni husomwa hadharani. Faini 46,000. Jumla 696,000. Upande wa kutoka: msiba wa mwenza mmoja, 100,000, na misiba ya wazazi miwili, 60,000 kila mmoja. Waliojifungua wawili, 20,000 kila mmoja. Madaftari, wino wa muhuri na kufuli mpya, 38,000. Nauli za viongozi kwenda benki na halmashauri, 27,000. Wagonjwa watano waliolazwa, 135,000. Kwa hesabu hiyo kilipaswa kubaki 236,000.

Tukamwaga kifuko, tukahesabu. 221,000. Tukarudia. 221,000.

Miaka ya nyuma hapa ndipo pangezuka kelele, au pangezuka ukimya, ambao ni mbaya zaidi. Kijana alisema tu, “Pungufu ni 15,000, tusiendelee kwanza.” Akataka kifuko cha bluu kihesabiwe. Kile kikazidi daftari kwa 15,000 hiyohiyo.

Mama mmoja muuza mchicha ndiye aliyelikamata kosa, na hakulikamata kwenye pesa bali kwenye ukuta. Akasema katiba yetu inampa mgonjwa aliyelazwa 30,000, wala haina nusu mgonjwa. Watano mara thelathini ni laki moja na nusu. Hii 135,000 imetoka wapi? Tukafungua muhtasari wa vikao. Mwezi wa tano mwenzetu mmoja alilazwa ghafla, akapewa 15,000 siku ileile, na nyingine wiki iliyofuata. Ile ya pili ilitolewa kwenye kifuko chekundu kama inavyotakiwa, ila mwandishi akaiandika kwenye daftari la mikopo. Pesa ilitoka chekundu, kalamu ikaitoa bluu. Mgonjwa mwenyewe, ambaye sasa ni mzima na mkali, akasimama kuuliza kama ina maana miezi yote hiyo amekuwa akisomeka mdaiwa.

Jambo lililonikaa ni hili: tungekuwa tunahesabu vyote kwa pamoja, kama yule msomi wetu, tusingeona kitu. Pungufu ya huku na ziada ya kule zingefutana, jumla ingekuwa sawa hadi shilingi ya mwisho, na hotuba ingepigiwa makofi. Halafu wakati wa kugawana, mwenzetu angekatwa 15,000 kwenye hisa zake kwa msaada aliopewa alipokuwa kitandani. Kosa lilirekebishwa kwa wino mwekundu, bila kufuta la zamani. Wagonjwa wakawa 150,000, kilichotoka 475,000, kilichobaki 221,000, sawa na zilizokuwa mezani.

Kifuko cha bluu baada ya hapo kilikuwa rahisi. Nasema kifuko kwa mazoea tu, kwani pesa hizi huwa benki, na watia saini watatu walizitoa siku moja kabla bila kutangaza saa. Mwaka huu tuliuza hisa 4,150, sawa na 8,300,000. Riba iliyoingia ni 1,245,000. Jumla 9,545,000, ambayo kijana aliigawa kwa idadi ya hisa mbele yetu: kila hisa ya 2,000 imekuwa 2,300. Lakini mezani zilikuwepo 9,425,000 tu, na hapa alifanya jambo ambalo mama yake asingekubali liachwe. Alieleza kuwa 120,000 iliyobaki haijapotea wala haijatumika, ipo kwa mmoja wetu ambaye hajamaliza mkopo, na kwamba yeye ana hisa 180, yaani 414,000, hivyo atapokea 294,000 na deni lake litakuwa limekwisha. Mwenye deni akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyenung'unika kuwa viongozi wametumia milioni.

Mjadala mrefu wa siku ile haukuwa juu ya wizi. Ulikuwa juu ya wakwe. Bwana mmoja alitoa hoja kwamba rambirambi ya mzazi ipewe pia kwa baba na mama mkwe, kwa sababu mfuko umebaki na pesa na wakwe nao ni wazazi. Watu wengi wakashangilia, na mimi nilikuwa karibu kunyoosha mkono. Mweka hazina hakubishana naye. Aliomba kila mwenye mkwe aliye hai ainue vidole kwa idadi yao, tukahesabu, vikafika thelathini na moja. Kisha akaonyesha ukuta: misiba mitatu ya 60,000 tu ingechukua 180,000 kati ya zile 221,000 zilizobaki, na mwaka una wagonjwa wake. Wanaotaka wakwe waingie kwa kiwango cha mzazi wakubali mchango wa wiki upande kutoka 500 hadi 800.

Pakatulia kidogo. Bibi mmoja akasema anampenda sana mkwewe lakini si kwa mia tatu kila wiki. Baada ya majadiliano tukakubaliana 20,000 kwa mkwe, mchango ubaki 500, na kifungu kiingizwe kwenye katiba kabla ya kikao cha kwanza cha mwaka mpya.

Bwana mwenye hoja aliendelea kununa hadi chai ilipoletwa, ndipo akapata la kusema. Chai hii, akauliza, imetoka kifuko kipi? Kijana akamwambia sukari na majani vimenunuliwa kwa mia mbili mbili zilizochangwa asubuhi mlangoni, na orodha ya waliotoa ipo chini ya birika. Bwana akainua birika, akasoma orodha, akajikuta hayumo, akaingiza mkono mfukoni.