Huyo Hakuwa Mjomba

Wasee, leo nakiri kosa. Mwaka jana nilipata kazi ya kutafsiri tamthilia ya Kituruki kwenda Kiswahili, na Kituruki sikijui. Wala hakuna aliyeniuliza. Nilitumiwa video pamoja na faili ya maandishi ya Kiingereza, nikaambiwa niandike sentensi zinazotoshea muda wa mdomo wa mwigizaji, wenye sauti zao wasome. Nikaona kazi rahisi, bana.

Kwenye stori kuna mzee ambaye watoto wa nyumba ile wanamwita "uncle". Nikaandika mjomba. Episodi 12 nzima, mjomba hivi, mjomba vile. Kusema kweli mtaani kwetu kila mwanaume wa rika hilo ni anko tu, kwa hivyo hata sikusita. Ikafika episodi ya 13. Baba wa wale watoto amefariki, na mzee anakuja kudai shamba la mizeituni, ati ni urithi kutoka kwa baba yao yeye na marehemu. Mamangu alikuwa ameketi kando yangu akitazama. Akaniuliza, "Kwani mjomba ameanza lini kurithi kwa kina shemeji yake?"

Nilikosa jibu. Nikavaa hedifoni, nikarudi episodi ya kwanza, nikasikiliza ile sauti ya Kituruki ambayo nilikuwa nimeizima muda wote. Watoto wanasema "amca". Nikatafuta kwenye kamusi: amca ni ndugu wa kiume wa baba. Ndugu wa kiume wa mama anaitwa "dayı". Kumbe Waturuki wana maneno mawili, kama sisi. Mjomba ni wa upande wa mama, na wa upande wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, ama ami ukiwa Pwani. Kiingereza ndicho kina neno moja kwa wote wawili. Habari iliondoka Uturuki ikiwa kamili, ikamwagika njiani, mimi nikajaza pengo kwa kubahatisha.

Kuanzia hapo nikaanza kushuku kila kitu. Kuna msichana aliyeona mtu usiku wa mauaji, na yeye mwenyewe hajui kama ni mwanaume au mwanamke. Kwa Kituruki anasema "Beni gördü". Hiyo ni "aliniona", basi. Haitaji jinsia, na "aliniona" yetu pia haitaji. Lakini Kiingereza mara nyingi huchagua, na aliyetafsiri kabla yangu alichagua "he". Mimi, nikitafuta silabi za kujaza mdomo, nikaandika "yule mwanaume aliniona". Muuaji akaja kuwa mama wa kambo! Niliwadanganya watazamaji, na si kwa ufundi wa stori.

Iliyoniuma zaidi ni "geçmiş olsun". Mtu anatoka jela, jirani anamwambia hivyo, na faili inasema "get well soon". Nikaandika "upone haraka", nikijiuliza anaumwa nini. Maneno yenyewe yanamaanisha jambo hilo na lipite. Waturuki humwambia mgonjwa, aliyepata ajali, aliyetoka jela. Sisi tunasema pole. Neno tunalolitumia tangu asubuhi hadi usiku lilikuwa linalingana kabisa, na nikalikosa kwa sababu Kiingereza hakina pole.

Siku hizi sianzi kazi kabla ya kupewa maandishi ya lugha ya mwanzo. Sihitaji kuyaelewa yote. Nina karatasi yenye maneno kama 30: ya ukoo, ya salamu, na yale ya "wewe" na "ninyi", maana "you" pia hunificha kama anayelaumiwa ni mmoja au familia nzima. Kituruki husema "sen" kwa mmoja na "siz" kwa wengi, ingawa siz hutumika pia kumheshimu mtu mmoja, kwa hivyo lazima nitazame picha nione nani yuko chumbani.

Hata hivyo kuna mahali ambapo Kituruki chenyewe hakinisaidii. Amca haisemi kama ni mkubwa au mdogo kuliko baba, na Kiswahili changu kinataka kujua. Ilibidi nisubiri episodi ya 20, marehemu anapotajwa kuwa kifungua mimba, ndipo nikaandika baba mdogo.

Zile 12 za kwanza zilikuwa zimesharekodiwa. Aliyenipa kazi alisema gharama ya kurudi studio haipo, na nusu ya malipo yangu ya episodi hizo akaikata. Kwa hivyo ukiitazama leo, mzee anaingia akiwa mjomba, na kuanzia ya 13 ni baba mdogo, bila maelezo yoyote. Mamangu huwaambia majirani kwamba ni watu wawili wanaofanana.