Gunia Moja, Nyumba Kumi

Kabla hatujaanza kununua pamoja, karibu kila nyumba ya avenyu yetu, hapa Vulamba, Butembo, ilinunua maharagwe kwa kopo. Mama alimtuma mtoto sokoni na faranga za siku ile, mtoto akarudi na kopo moja au mawili, na kesho yake vivyo hivyo. Maharagwe yale yalitoka kwa wakulima wa Lubero, yakapita depo, yakapita kwa muuzaji wa soko kuu, na kila mkono uliongeza chake. Sisi walimu tulikuwa tunayajua hayo kwa uchungu zaidi, maana mshahara ulipochelewa tulikopa, na kopo la deni ndilo lililokuwa ghali kupita yote.

Likelemba tulikuwa nayo tangu zamani. Lakini mwenye zamu alipopokea pesa alinunua bati au alilipia mtoto shule, na maharagwe yakabaki yale yale ya kopo. Aliyetufungua macho ni mama mmoja muuza vitenge. Alikuwa amezoea kuona wafanyabiashara wa Butembo wakishirikiana kontena moja kutoka China, kila mtu na mizigo yake ndani, wakigawana gharama ya njia. Akatuuliza: kama wao wanafanya hivyo kwa kontena, sisi tunashindwa nini kwa gunia?

Tulianza Januari 2016, mavuno ya maharagwe yakiwa yameingia sokoni na bei ikiwa chini. Watu wawili walitangulia depo kuuliza bei, ndipo tukachanga. Gunia lilikuwa dola 73, na mwenye chukudu alitaka dola 3 hadi nyumbani. Jumla 76. Nyumba tisa zilitoa dola 8 kila moja, na mama mjane aliyekaa na wajukuu wawili alitoa dola 4, kwa kuwa nusu ya fungu ilimtosha.

Kabla ya kulipa, wale wawili walitia mkono hadi katikati ya gunia, wakatoa punje chache wakaziuma. Punje kavu inakatika kwa mlio. Punje mbichi inaacha alama ya jino. Maharagwe mabichi yana uzito wa maji, na maji hayo yanakwenda zake nyumbani kwako baada ya wiki mbili, hali umeyalipia. Waliangalia pia matundu madogo ya wadudu, maana gunia lenye wadudu likigawanywa linapeleka wadudu nyumba kumi.

Depo waliliita gunia la kilo 100. Tulipolipima kwenye mizani ya kuning'iniza, tukatoa uzito wa gunia lenyewe, mawe na takataka, zilibaki kilo 95. Hapa ndipo ugomvi ungeweza kuzaliwa. Kama tungegawa kwa hesabu ya kilo 100, fungu zima la dola 8 lingestahili kilo 10 na nusu na zaidi kidogo. Wa kwanza wangepimiwa kilo zao zote kwa furaha, na yule wa mwisho angekuta zimepungua kilo 5 katika fungu lake peke yake. Baba mmoja, mwalimu wa hesabu, akasema tugawe pesa zote tulizotoa, na za chukudu ndani yake, kwa kilo zilizopo mbele ya macho yetu. Dola 76 kwa kilo 95 ni senti 80 kwa kilo moja. Basi kila aliyetoa dola 8 alichukua kilo 10, na mama mwenye nusu akachukua 5.

Hata hivyo mizani ile ilikuwa ya kuazima, na mwenyewe alikuwa anaisubiri. Miezi iliyofuata tulitumia kopo, na kopo lina ujanja wake: mtu mmoja anajaza kilima, mwingine anagonga-gonga ili punje zishuke. Tukakubaliana kopo lisawazishwe kwa kijiti, lisigongwe kamwe. Maharagwe yote yalimwagwa kwenye turubai na kuchanganywa, kwa kuwa chini ya gunia kunakaa vumbi na punje zilizovunjika. Mabeseni yakapangwa mstari, na kopo likapita kwa mzunguko: moja kwa kila beseni, kisha tena moja, hadi mwisho. Beseni la nusu lilipata kopo kila mzunguko wa pili. Yakipungua, yanapunguka kwa wote. Kadiri ninavyoona, kanuni hiyo ya mzunguko ndiyo iliyotuweka pamoja kuliko bei yenyewe. Na aliyepima alichukua beseni lililobaki baada ya wengine kuchagua. Hilo lilimtuliza kila mtu.

Mafuta ya mawese yalitufundisha jambo jingine. Bido la lita 20 likitoka upande wa Beni, kwenye joto, mafuta ni maji matupu. Hapa Butembo tuko zaidi ya mita 1,700 juu, na asubuhi ya baridi mafuta yameganda. Mafuta yaliyoganda nusu hayagawanyiki kwa haki: mepesi yanabaki juu, mazito yanakaa chini. Anayemiminiwa kwanza anapata mekundu yanayong'aa, wa mwisho anapata uji na mashapo. Kwa hiyo tuliliweka bido ndani ya beseni la maji ya moto hadi yote yayeyuke, tukalitikisa vizuri, kisha chupa zikajazwa kwa mzunguko kama maharagwe. Kabla ya kununua, matone machache yalitiwa kwenye sufuria ya moto huko huko sokoni. Yakipasuka kwa kelele, kuna maji ndani, nasi tunaliacha bido hilo.

Pesa nazo zilikuwa na mambo yake. Depo inahesabu kwa dola, lakini nyumba nyingi zinaleta faranga, na kiwango cha kubadilisha kinaweza kusogea kati ya siku ya kuchanga na siku ya kununua. Tuliamua kiwango kiwe cha asubuhi ya kununua, kwa mbadilishaji yule yule, na pengo likitokea linajazwa na wote kwa kadiri ya mafungu. Dola yenye mpasuko hata wa ukucha inakataliwa hapa kwetu. Siku moja noti kama hiyo ilikataliwa depo, na hakuna aliyejua imetoka kwa nani. Tangu hapo mweka hazina alipokea kila noti mbele ya mwenyewe, akaigeuza kwenye mwanga, na noti mbaya ikarudi hapo hapo. Mama mkubwa mmoja alikasirika, akauliza, “Unanidhania mwizi, mwanangu?” Akajibiwa, “Hapana, mama, noti ndiyo tunaiangalia.” Mwezi uliofuata aliinyoosha noti yake mwenyewe kabla ya kuitoa.

Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, kisha ikafika Butembo na Katwa, hatukuweza tena kukusanyika uani. Watatu tu walipima, karibu na ndoo ya maji ya klori, na kila nyumba iliitwa kwa zamu kuchukua beseni lake. Wengine walihofu kwamba bila macho ya wote mzunguko utavunjika. Tukakubaliana mmoja wa wale watatu abadilishwe kila mwezi, na wa mwezi huo awe yule aliyelalamika zaidi.

Vilimorte zilipofunga maduka, nyumba zenye akiba zilipika kama kawaida, na majirani wengi wakaomba kuingia. Tulijaribu kupokea wote. Magunia matatu, nyumba karibu thelathini: upimaji ulifika jioni, mvua ikanyesha juu ya turubai, na watu wakaanza kuchukua kwa makadirio. Mwezi uliofuata tuligawanyika makundi matatu, kila moja na mweka hazina wake na kopo lake, yote yakinunua depo moja siku moja ili bei nafuu ya magunia matatu ibaki yetu. Sukari ya gunia la kilo 50 kutoka Uganda tuliiacha: bei yake ilitegemea mno hali ya barabara ya Kasindi, na hakuna aliyetaka kuchangia kitu ambacho bei yake ya Jumatatu haikuwa ya Ijumaa. Maharagwe na mafuta yalibaki.