Alama Mbili za Kimeng'enya

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, lakini chumba nilichopanga Nyamirambo hukilipia kwa kufundisha biolojia. Jioni mara tatu kwa wiki humfundisha binti wa jirani yangu aliye mwaka wa tano wa sekondari. Siku moja alirudi na karatasi ya jaribio, akaiweka mezani bila kuniamkia.

Swali liliuliza kwa nini amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari, huacha kufanya kazi kikichemshwa. Aliandika kwamba joto kali hupunguza tu kasi ya mmenyuko. Alipata sifuri kati ya alama mbili.

"Kaka, ndivyo ulivyonifundisha."

Kweli, ndivyo nilivyomfundisha. Nilikuwa nimemchorea ule mchoro wa kasi na halijoto, unaopanda polepole kisha kushuka ghafla, nikamwambia kwamba pande zote mbili kasi ni ndogo. Hapo sikukosea. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba sababu nayo ni moja.

Usiku huo nilirudia somo tangu mwanzo. Katika baridi, molekuli za kimeng'enya na za wanga hutembea polepole, kwa hiyo hukutana mara chache. Ukipasha moto, kazi inarejea. Lakini katika joto kali molekuli hutembea kwa kasi zaidi. Kama mwendo wa molekuli ndio ungekuwa jambo pekee, maji yanayochemka yangevunja wanga haraka kuliko maji ya vuguvugu. Jibu nililomfundisha lilikuwa linajipinga lenyewe, nami sikuliona.

Kinachotokea ni kwamba kimeng'enya ni protini, uzi mrefu uliokunjwa kwa namna moja maalumu. Mkunjo huo huacha kishimo ambamo wanga huingia na kukatwa. Vifungo vinavyoshikilia mkunjo ni dhaifu. Joto likizidi, uzi hutikisika hadi vifungo vinaachia, mkunjo unafumuka na kishimo kinapotea. Uzi wenyewe haujakatika, ila umbo limeharibika. Ni kama ute wa yai: ukishakuwa mweupe kwenye kikaango, hata ukiuweka kwenye barafu hauwi tena maji.

Nilijua kwamba maneno hayo tu hayatamtosha binti aliyekwisha kupoteza alama kwa maneno yangu. Bahati nzuri mama yake huwa na unga wa kimea cha mtama, ambao kwa Kinyarwanda tunauita amamera. Mtama ukiota hutengeneza amilesi nyingi. Ndiyo maana Tanzania, katika miaka ya 1980, wataalamu wa lishe walihimiza akina mama kutia kimea kidogo kwenye uji mzito wa watoto: uji unalainika bila kuongezwa maji.

Jumamosi tulipika uji wa mahindi mzito kiasi cha kusimamisha kijiko, tukaugawa katika bakuli tatu. Tuliusubiri upoe hadi kidole kikavumilia. Bakuli la kwanza tulitia kijiko cha kimea kibichi kilichokorogwa kwa maji kidogo. La pili tulitia kiasi kilekile cha kimea, ila hicho tulikuwa tumekitumbukiza katika maji yanayotokota kwa dakika kumi, kisha tukakiacha kipoe. (Kwa mwinuko wa Kigali maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, lakini hizo zinatosha.) Bakuli la tatu tulilipoza kwanza kwenye friji ya muuza duka, ndipo tukatia kimea kibichi na kulirudisha humo.

Baada ya robo saa la kwanza lilikuwa linamiminika. La pili na la tatu yalibaki mazito, na kwa macho usingeweza kuyatofautisha. Hapo ndipo nilipokuwa nimekwama mimi. Tukayaweka yote mawili juu ya sufuria ya maji ya moto mpaka yakawa vuguvugu. La tatu lililainika. La pili halikubadilika. Binti akatia kimea kibichi ndani ya lile la pili, nalo likaanza kulegea. Basi wanga haukuwa na tatizo.

"Kwa hiyo cha friji kilikuwa kimelala," akasema, "na hiki kimekufa."

Nilimkataza kuandika "kimekufa" kwenye mtihani, kwa kuwa kimeng'enya si kiumbe hai na wasahihishaji hulikata neno hilo. Aandike kwamba umbo limeharibika na wanga hauwezi tena kuingia kwenye kishimo. Ndizo alama mbili.

Akaniuliza kuhusu nyuzi 60. Huko, nikamwambia, molekuli haziharibiki zote kwa pamoja. Kadiri dakika zinavyopita ndivyo nyingi zaidi zinavyofumuka, kwa hiyo kwa nje utaona kasi inashuka taratibu na utadhani kimeng'enya kimechoka. Kipoze, uone kama kasi inarudi.

Mama yake alichemsha tena uji uliolainika kabla ya kumpa mdogo wao. Ulibaki mwepesi vilevile, maana wanga ulikwisha kukatwa. Ada ya wiki ile sikuidai.